Shajara ya mradi: Mwanasha na mizani ya mjomba, kumjenga shujaa asiyetaka ushujaa

14 Januari: pa kuanzia

Naandika riwaya fupi ya vijana, lengo ni maneno kama 30,000, na nimeamua kuweka shajara kila hatua ikiisha ili mwingine akitaka kujenga mhusika wa aina hii aone wapi palipita na wapi palikwama. Mhusika ni Mwanasha, miaka 16, wa Mtongwe upande wa Likoni, kidato cha pili. Bibi yake, Bi Time, ni mama karanga, yaani asubuhi anachukua samaki kwa mkopo pale ufuoni, anakaanga, jioni anauza, halafu analipa deni. Samaki ni wa tajiri mmoja asiyeonekana onekana, anayepima na kuandika madeni ni karani wake, mjomba Hamisi, kakake mamake Mwanasha. Na huyo mjomba ndo analipa karo ya Mwanasha, shule ya kutwa ya kulipia.

Mizani inadanganya. Mwanasha anajua, na hataki awe yeye wa kusema. Hadithi yote ndo hio.

Shujaa anayesita nimemchagua kwa sababu wale tuliosimuliwa utotoni wengi hawasiti. Fumo Liongo akifungwa anatafuta tupa akate minyororo, hakai kujiuliza kama yamhusu. Na hata Joseph Campbell, alipopanga hatua za safari ya shujaa mwaka 1949, kukataa mwito alikuweka mapema kabisa, mtu anakataa kisha safari inaanza. Kwa mtoto wa miaka 16 anayelishwa na yule yule anayetakiwa kumfichua hio haitoshi, nadhani huyu atakataa tena na tena, na kila akikataa itakuwa kwa namna nyengine. Hilo ndo nataka nilijaribu kwenye kazi hii.

2 Februari: mwito wa kwanza haukushika

Chapta tatu za mwanzo zimeisha. Bi Time anamuomba Mwanasha awe anaandika kwa daftari lake kila mama amechukua kilo ngapi, ili walinganishe na la karani. Mwanasha anajibu "siwezi bibi, nna masomo". Nkawapa watu watatu wasome na wote walirudi na neno moja, huyu msichana ni mvivu, mbona asimsaidie bibi yake tu.

Ilinichukua muda kuona tatizo liko wapi manake maneno yenyewe hayakuwa na shida. Shida ni kwamba siri ya mizani nlikuwa nimeificha mpaka chapta ya 6, nlitaka msomaji ashtuke. Sasa msomaji hajui anachokijua Mwanasha, kwa hio akimwona anakataa haoni hofu, anaona uzembe tu. Ukimficha msomaji sababu ya kusita, kusita kwenyewe hakuonekani.

Kwa hio nimeuvuta mshale wa mizani mpaka ukurasa wa pili. Mwanasha anafika ufuoni na bibi yake alfajiri, anatazama juu:

"Ndoano ilikuwa tupu. Mshale haukuwa kwenye sifuri. Ulisimama kwenye kistari cha nusu kilo, na mjomba alikuwa anaufuta uso wa mizani kwa kitambaa, polepole, mpaka ukang'aa."

Halafu ndo bibi anamuomba aandike. Jibu nimeliacha vile vile, "siwezi bibi, nna masomo", sikubadilisha hata herufi, na wasomaji wale wale mara hii walinyamaza wakaendelea kusoma. Mmoja akaniuliza kama karo imeshalipwa. Hapo nkajua wameshaelewa kinachomfunga mdomo.

Gharama mpaka hapa: kuprinti pale saiba, kurasa 40 nakala tatu, shilingi 10 kila ukurasa, 1,200.

21 Februari: shimo kwenye mizani

Mama mmoja anayekaanga samaki nlimsomea chapta ya kwanza kwa mdomo, yeye huku anageuza vibua kwenye karai, na kabla sijamaliza akaniuliza, "Na wavuvi je?"

Kweli. Samaki hao hao tajiri anawanunua kutoka kwa wavuvi asubuhi hio hio na mizani hio hio. Ikiwa mshale unaanza nusu kilo mbele, basi kila mvuvi akipimiwa anaongezewa nusu kilo ya bure na tajiri ndo anapata hasara. Hadithi yangu ilikuwa inamwibia mwizi.

Marekebisho yakawa madogo lakini yamebadilisha mambo mengi. Mizani ya kuning'iniza ya springi huwa ina parafujo ndogo ya kurekebisha sifuri. Wavuvi wanapimiwa mshale ukiwa sifuri, wakishaondoka mjomba anapitisha kidole nyuma ya mizani anaizungusha kidogo, ndo wanaanza kina mama. Hapo nkapata kitu ambacho sikukipanga: sasa Mwanasha ana ngazi mbili za kujua. Kwanza anaona mshale, na anaweza kujidanganya kwamba mizani imechoka. Wiki moja baadae anaona kidole. Mizani mbovu haina mwenyewe, kidole kina mwenyewe, na mwenyewe ndo aliyemnunulia sare za shule. Kusita kwa kwanza ni "labda sijaona vizuri". Kwa pili ni "nimeona, lakini". Nimevitenganisha chapta nzima katikati.

Huyo mama pia alinieleza kwa nini matajiri wadogo na watu wa hoteli hawalalamiki, nami nkaipigia hesabu. Anayechukua kilo 20 akipunjwa nusu kilo hata hahisi. Anayechukua kilo mbili anaondoka na moja na nusu, robo nzima ya mzigo imepotea. Wizi ule ule, uzito ule ule, unamuumiza yule mwenye kidogo tu. Nimemwachia Mwanasha aifanye hesabu hio nyuma ya daftari la Jiografia.

13 Machi: kukataa lazima kumgharimu mtu

Baada ya Mwanasha kunyamaza lazima kitokee kitu, la sivyo kunyamaza kwake hakuna uzito. Rasimu ya kwanza mtoto wa Bi Riziki aliumwa, pesa za dawa zikakosekana. Watu walisikitika lakini hakuna aliyemhusisha Mwanasha, manake ugonjwa ungekuja hata kama angesema. Hio ni bahati mbaya tu, haihusiani na alichokataa.

Nkajiwekea sharti, hasara ipite kwenye njia ile ile ya nusu kilo. Hadithi nimeiweka wakati wa kusi, bahari chafu, samaki wachache, bei juu, na madeni ya kina mama yanapanda. Bi Riziki anachukua kilo nne kwenye mizani, mkononi ni tatu na nusu. Kwa bei ya hadithi, 250 kwa kilo, ni shilingi 125 kila siku anadaiwa samaki ambao hajawahi kuwaona. Deni linafika mahali tajiri anatuma vijana wanachukua karai lake. Karai ndo kazi yake yote. Mwanasha anaijua hesabu ya deni lile kuliko Bi Riziki mwenyewe, akijumlisha zile nusu nusu anaona deni halali lilikuwa limeshalipwa.

Onyesho la karai nimeliandika fupi. Vijana wanamwaga mafuta mchangani kwanza, bado ya moto, halafu wanabeba. Bi Riziki hapigi kelele, anawaambia tu wasilishike upande wa kushoto, mpini umelegea.

11 Aprili: mapatano

Hapa ndo nlikwama kuliko pengine pote. Nlikuwa namtoa moja kwa moja kutoka kwa karai mpaka kumfichua mjomba, na kila nikiisoma haishiki, inaruka. Mtoto anayempenda mjomba wake hataruka hivo, kwanza atatafuta njia ya kupata vyote viwili, haki ya Bi Riziki na karo yake.

Basi nimempeleka kwa mjomba usiku, na chai na mahamri mezani, anamwambia: "Mjomba, ile mizani naona kama imeharibika." Hasemi umeiharibu. Anampa mlango wa kutokea kwa heshima. Mjomba anamwangalia, anamjibu "ahsante mwanangu, ntaitazama", na wiki hio mshale unarudi sifuri, na karo ya muhula wa pili inalipwa yote kwa mkupuo, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Mwanasha anafurahi. Anajiona ameshinda bila kumuumiza mtu. Kisha siku moja anautazama mshale uko kwenye robo.

Robo, sio nusu. Na anajiambia robo ni afadhali kuliko nusu.

Sentensi hio nlivyoiandika ndo nkaelewa katikati ya kitabu ni wapi. Kukataa kwa tatu hakuna hofu tena, kuna bei, na bei imeshalipwa. Mtu wa nje angeona Mwanasha amepiga hatua, amezungumza, mambo yamepungua. Msomaji anaona amenunuliwa. Na mjomba simfanyi shetani hapa, yeye mwenyewe anadaiwa na tajiri na anaamini kwamba amefanya wema kuteremsha mpaka robo, nimempa mistari michache ya kulisema hilo manake akiwa mbaya tu basi Mwanasha hana cha kupoteza.

4 Mei: mkono wake mwenyewe

Rasimu ya zamani ya chapta ya 8: mjomba anavuka feri kwenda mjini kwa tajiri, anamwachia Mwanasha mizani na daftari, Mwanasha anafika zamu ya bibi yake, anaweka kalamu chini, anakataa kuandika. Ilikuwa nzuri, watu waliipenda, na nimeitoa. Sababu ni kwamba akishakuwa jasiri hapa chapta nne zinazobaki hazina kazi, msomaji anajua ataweza. Ukiona msomaji wako ametulia mapema hivo, basi shujaa ameiva kabla ya wakati.

Sasa anaandika. Samaki wa Bi Time wananing'inia, mshale unasoma tatu, Mwanasha anajua ni mbili na robo tatu, foleni ni ndefu, jua limepanda.

"Umeandika, mwanangu?"

"Nimeandika, bibi."

"Tatu?"

"Tatu."

"Haya. Wewe hukosei."

Bi Time hajui kusoma tarakimu zikiwa zimeandikwa haraka haraka, na ndo maana alimuomba tangu mwanzo. Hapo nimekata chapta. Nlikuwa na aya nzima ya Mwanasha kulia usiku, nimeifuta, haileti kitu kipya.

Kwa anayefuata kazi hii, angalia mpangilio ulivyokuja: kanyamaza, kapatana, kashiriki. Kila hatua anaingia ndani zaidi badala ya kutoka, na bado kila hatua ina sababu ambayo mtu mwema angeikubali. Nlivyojaribu kubadilisha, ashiriki kwanza halafu ndo apatane, ilivunjika, manake aliyekwisha kuandika uongo kwa mkono wake hana uso wa kwenda kumwambia mjomba mizani imeharibika.

25 Mei: uamuzi, na mlango ukiwa wazi

Hii ndo chapta iliyonigharimu zaidi, muda na karatasi pia (nakala mpya kurasa 110 kwa watu wanne, na nashukuru mwenye saiba alinipunguzia mpaka shilingi 5, jumla 2,200).

Mwanzo mjomba alilikuta lile daftari la Jiografia lenye hesabu, akamtishia, akamwambia atamtoa shule. Mwanasha akakimbilia ufuoni akasema yote. Kuna mvutano, kuna mbio. Lakini msomaji mmoja, mwalimu wa sekondari, aliniandikia pembeni kwa penseli: "hapa amebanwa, asingesema angefanya nini?" Na kweli, mtu aliyebanwa ukutani halaumiwi na hasifiwi. Amesukumwa. Hadithi ya kukua inataka mtu achague, na ili achague lazima kunyamaza kuwe bado kunawezekana, tena kuwe na raha.

Nimeondoa tishio lote. Sasa kwenye hadithi ni Agosti, kusi inakaribia kwisha, bahari inaanza kutulia, samaki wanaongezeka na kina mama malalamiko yamepungua. Bi Time hajamuomba tena kuandika. Mjomba hashuku chochote, na karo ya muhula wa tatu ameshaiweka kwa bahasha, imekaa juu ya kabati na jina la Mwanasha limeandikwa kwa biro ya buluu. Kila nikiandika aya ya chapta hii nlikuwa najiuliza, akiamua kwenda zake sasa hivi, kuna hata mtu mmoja atamlaumu? Jibu likawa hapana, nkajua sasa pako sawa.

La pili lilikuwa hotuba. Nlimpa ukurasa mmoja na nusu wa kuzungumza mbele ya kina mama na haikuwa yeye, mtoto aliyenyamaza kitabu kizima hafungui mdomo akatoa hotuba. Nkafikiria anachokijua kuliko wote pale ni nini, ni uzito. Basi anakuja na pakiti ya unga ya kilo mbili, anaitundika kwa ndoano, wavuvi wameshaondoka, mshale unasoma mbili na robo. Kimya. Mjomba anacheka, anasema kiwanda kimezidisha. Mwanasha anatoa pakiti ya pili, unga wa kampuni nyengine, duka jengine. Mbili na robo.

Pakiti ya pili nimeipenda sana manake inaonyesha alikaa akafikiria mjomba atajibu nini, akajitayarisha, na kufikiria jibu la mtu mzima kabla hajalitoa ni dalili ya kukua ambayo sihitaji kuitaja. Ya tatu haleti yeye. Bi Riziki anatoa sukari yake kwenye kikapu, kilo moja, anaitundika mwenyewe.

Lakini kilele sio hapo. Kumnyooshea mjomba kidole bado ni kumsema mwengine. Kilele ni pale Mwanasha anapolifungua daftari la karani kwenye ukurasa wa ile siku ya feri, anasoma majina na kilo, halafu: "Ukurasa huu niliandika mimi. Nilijua." Bibi yake yuko mstari wa mbele. Bila maneno hayo hadithi ingekuwa ya wizi uliofichuliwa tu, na msichana angebaki vile vile alivyokuja.

15 Juni: malipo yasirudishwe

Mwisho wa kwanza, tajiri anaona aibu, anamfukuza mjomba na kumlipia Mwanasha karo kama shukrani. Wakubwa walioisoma waliridhika. Kijana wa miaka 15 akaniuliza, "Sasa alikuwa anaogopa nini?"

Swali hilo limenifanya niandike upya chapta mbili nzima. Kama alichoogopa hakitokei basi kusita kwake kote kulikuwa ujinga, na mimi nlikuwa nimewachosha watu bure. Kwa hio sasa kinatokea. Bahasha haimfikii. Mjomba anapoteza kazi, na mamake Mwanasha, ambaye ni ndugu yake yule mjomba wa tumbo moja, anaacha kuzungumza na binti yake ndani ya nyumba moja. Muhula wa tatu unaanza na Mwanasha yuko nyumbani. Kina mama wanachanga lakini mchango haufiki nusu ya karo, nimeuweka mdogo makusudi, nlipojaribu kuuweka mkubwa uligeuka bahasha nyengine tu.

Kinachobaki upande wake ni kidogo na cha kweli: Bi Riziki anapimiwa kilo nne na anapata nne, na Bi Time anamkabidhi daftari bila kumuomba. Anaandika.

30 Juni: ilipofika

Rasimu ina maneno 31,400. Gharama mpaka leo ni 3,400 za kuprinti, pamoja na nauli na bando ambazo sikuziandika vizuri. Chapta ya 5 bado ina kurasa mbili za maelezo ya ufuo ambazo zinachelewesha, ntazikata.

Kazi kubwa iliyobaki ni mama. Kwenye chapta ya mwisho anatakiwa amwite Mwanasha kula, ni mara ya kwanza kumwita tangu Agosti, na sijapata anamwitaje. "Mwanangu" ni mapema mno, amemsamehe haraka. Jina tupu ni baridi. Saa hizi nimeandika kwamba anaweka sahani mbili anaita "njooni", kwa wingi, na nyumbani hakuna mtu mwengine. Naipeleka hivo kwa wasomaji wiki ijayo, pamoja na yule wa miaka 15.